Chenjiova ya Inveta: Laivu Ni Rahisi, Kazi Iko Kwenye Nyutro

Mwulize fundi chenjiova ya otomatiki inafanya nini, atakujibu kwa sentensi moja: umeme wa gridi ukikatika mzigo unahamia kwenye inveta, ukirudi mzigo unarudi. Jibu ni sahihi, lakini huwa linaniudhi kidogo, maana limeacha nje karibu kila kitu kinachoweza kumdhuru mtu. Chanzo kinapobadilika, hubadilika pia njia ambayo mkondo unarudia kwenye chanzo hicho, mahali ambapo nyutro imeshikana na ardhi, na nguvu ya shoti ambayo breka zako ziliitegemea ili zikate. Taa huweza kuwaka vizuri kabisa huku yote matatu yameharibika, na hapo ndipo penye shida: chenjiova iliyofungwa vibaya haina dalili siku ya kwanza.

Nitashika mfano mmoja niende nao mpaka mwisho. Nyumba ina umeme wa fezi moja, volti 230, hezi 50. Inveta ni ya 3 kVA. Sakiti zilizochaguliwa kuwa za lazima ni tatu: taa, friji, na soketi chache za ruta, televisheni na kompyuta. Sakiti hizo zimetolewa kwenye bodi kuu ya breka na kupelekwa kwenye bodi ndogo ya pembeni. Bodi hiyo ndogo ndiyo inayohamishwa kati ya gridi na inveta. Jiko la umeme, hita ya maji na pampu zimebaki kwenye bodi kuu. Gridi ikiondoka, navyo vinalala.

Hesabu ya mzigo haina ugumu. Taa nane za LED za wati 9 ni wati 72, friji ikizunguka wati 120, televisheni 80, kompyuta mpakato mbili 130, ruta 12. Jumla wati 414. Inveta ya 3 kVA hutoa ampia 13 hivi, kwa hiyo nafasi imebaki kubwa, na inahitajika, kwa kuwa kompresa ya friji inapoanza huvuta mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida kwa muda mfupi. Kinachovuruga hesabu hii ni soketi. Gridi ikiwepo, mtu anachomeka birika la wati 2,000 kwenye soketi ya lazima na hakuna kinachotokea. Gridi ikikatika birika likiwa linachemka, mzigo wote unaiangukia inveta kwa mpigo, friji nayo ikitaka kuanza inveta inazidiwa na kujizima, na nyumba nzima inaingia giza ingawa betri imejaa. Hiyo ni kero zaidi kuliko hatari, nami sitakaa nayo. Soketi za lazima ziwe chache, ziwekewe alama, na zisiwe jikoni.

Kwa nini vyanzo viwili havitakiwi kukutana

Ndani ya chenjiova rahisi kuna kontakta mbili. Ya kwanza inaleta gridi kwenye bodi ndogo, ya pili inaleta inveta. Koili ya kontakta ya gridi inalishwa na gridi yenyewe. Gridi ikiwepo inavuta na kufunga ncha zake, ikiondoka springi inazirudisha na kuzifungua. Koili ya kontakta ya inveta inapitishwa kwenye ncha ndogo ya pembeni ya kontakta ya gridi, ile ambayo hufungika pale tu kontakta kubwa inapokuwa imeachia. Na kinyume chake: koili ya gridi nayo inapitia ncha ya pembeni ya kontakta ya inveta. Kila moja inamzuia mwenzake kwa umeme, na relei ndogo inayolishwa na gridi huikatia umeme koili ya inveta gridi inaporudi, la sivyo inveta ingeendelea kushikilia. Juu ya hapo panawekwa kufuli la kimakanika, kipande kidogo kati ya kontakta mbili kinachozuia moja isisogee mwenzake akiwa ameshikilia.

Watu wengi huliona kufuli hilo ni la ziada, kwa vile umeme tayari unazuia. Mimi silioni hivyo. Ncha za kontakta hupata joto, cheche huziyeyusha kidogo kidogo, na siku moja zinashikamana. Koili ya gridi inakosa umeme, springi inavuta, ncha hazitoki. Kama ncha ndogo ya pembeni ni ya aina ya kawaida, au ni kipande kilichobandikwa juu na kina uhuru wake wa kusogea, inaweza kurudi mahali pake na kusema "gridi imeachia" wakati ncha kubwa bado zimeganda. Kontakta ya inveta inaruhusiwa, inafunga. Ndiyo maana viwango vya IEC 60947 vina aina maalumu ya ncha ya pembeni ambayo kimaumbile haiwezi kufungika wakati ncha kubwa imefungwa. Alama yake ni duara dogo lililojazwa, na ndiyo ya kutumia hapa. Ukiwa na ncha hiyo pamoja na kufuli la kimakanika, kontakta ikiganda nyumba inakosa umeme wa inveta. Ni hitilafu ya kukasirisha, lakini ni ya upande salama.

Vyanzo viwili vikikutana hutokea moja kati ya mawili. Kama gridi ipo, wimbi la inveta halijapatana na wimbi la gridi, kwa sababu inveta inayojiendesha yenyewe ina hesabu yake ya muda. Kilele cha volti 230 ni takribani volti 325. Mawimbi yakiwa kinyume kabisa, tofauti kati yao inafika volti 650, na kinachosimama katikati ni transista za inveta. Hazidumu. Hiyo ni hasara ya vifaa.

Kama gridi haipo, jambo ni zito zaidi, maana umeme wa inveta unatoka nje kupitia mita. Transfoma ya mtaani haijui upande upi ni wa kuingilia. Ukiilisha volti 230 upande wa chini, upande wa juu unatoa maelfu ya volti. Kwenye laini ya 11 kV unatoa 11 kV. Mara nyingi inveta haitaweza hata kujaribu, kwa kuwa itajikuta inalisha mtaa mzima na itazima mara moja, na watu hulichukua hilo kama faraja. Faraja hiyo ina tundu. Waya ukiwa umekatika karibu na nyumba yako, au fyuzi ya nguzo yako imetolewa, mtaa haupo tena upande wako. Inveta inabeba kipande kifupi cha waya bila shida, na kipande hicho ndicho fundi wa laini anakuja kukishika.

Nyutro ihame pia

Chenjiova nyingi za kienyeji huhamisha laivu peke yake, nyutro ikaachwa ya pamoja kwa vyanzo vyote viwili. Sababu hutajwa kuwa ni kuokoa ncha moja ya kontakta. Katika nyumba ya fezi moja mimi ningehamisha vyote viwili, laivu na nyutro, na sababu yangu kubwa ni kwamba nyutro ya gridi haina dhamana ya kuwa salama wakati gridi imekatika. Ikiwa nyutro ya nje imekatika au mtu ameichezea, waya ule unaweza kubeba volti zinazotoka kwa jirani, na ukiwa umeiacha imeungana na inveta yako, umezikaribisha ndani.

Ukishaamua nyutro ihame, utagundua haraka kama kuna nyutro iliyoazimwa. Hiki ndicho kitu kinachowachanganya mafundi kuliko vyote kwenye nyumba za zamani. Mchukue fundi aliyefunga taa za korido zenye swichi mbili. Ili aokoe waya, laivu aliitoa sakiti ya taa, nyutro akaiokota kwenye sakiti ya soketi iliyokuwa karibu. Kwa miaka mingi haikumsumbua mtu, kwa sababu nyutro zote zilikuwa zinaishia kwenye baa moja. Sasa sakiti ya taa imehamia bodi ndogo na ya soketi imebaki bodi kuu. Umeme wa gridi ukiwepo, breka ya mvujo inakata kila mtu anapowasha taa ya korido, kwa kuwa inaona mkondo unatoka bila kurudi. Ukiwa kwenye inveta, taa ile haiwaki kabisa, au inawaka kwa njia ya ajabu: mkondo unatafuta njia kupitia waya wa ethi.

Hapo fundi mwenye haraka hutoa breka ya mvujo, au huunganisha baa mbili za nyutro kwa kipande cha waya. Taa inawaka na mteja anafurahi. Kinga yote niliyokuwa nikiieleza imekwisha hapo.

Njia ya kuikamata ni kupima umeme ukiwa umezimwa pande zote, gridi, inveta na betri. Toa nyutro ya sakiti unayoihamisha kwenye baa yake, na laivu yake kwenye breka. Chomoa vifaa vyote, na kwenye taa weka balbu za zamani za waya badala ya LED. Geuza swichi za taa moja baada ya nyingine, na kila mara pima kutoka nyutro ile, kisha kutoka laivu ile, hadi baa ya nyutro ya bodi kuu. Panatakiwa pasiwe na muunganiko. Mita ikionyesha muunganiko, kuna mahali nyutro mbili zimekutana au nyutro imeazimwa, na kazi ya kuhamisha sakiti hiyo isimame mpaka papatikane. Kama korido haiwezi kutenganishwa bila kubomoa ukuta, basi hamisha sakiti zote mbili au usihamishe hata moja.

Ethi, na kile kitufe kinachodanganya

Sasa tufike kwenye kiini. Kwenye gridi, mahali fulani nyutro imeunganishwa na ardhi: kwenye transfoma, na kwa mifumo mingine tena pale umeme unapoingilia nyumbani. Muunganiko huo ndio unaofanya laivu iwe na volti 230 dhidi ya ardhi na nyutro iwe karibu na sifuri. Pia ndio unaofanya breka ya mvujo ifanye kazi. Mtu akishika laivu, mkondo unapita mwilini mwake kwenda ardhini, unarudi kwenye chanzo kupitia muunganiko ule bila kupita kwenye breka, breka inaona pengo la miliampia 30 na inakata.

Chenjiova ikihamisha laivu na nyutro, muunganiko wa gridi na ardhi unabaki upande wa gridi. Bodi ndogo sasa inategemea inveta, na kama inveta haina muunganiko wake, mfumo mzima unaelea. Laivu na nyutro zina volti 230 kati yao, lakini hakuna hata mmoja ulio na uhusiano wa uhakika na ardhi.

Wapo wanaosema kuelea ni salama zaidi, kwani mtu akigusa waya mmoja mkondo hauna pa kurudia. Kwa inveta ndogo inayolisha kifaa kimoja hoja hiyo ina uzito. Kwa nyumba yenye sakiti kadhaa, fuata kinachotokea. Waya wa laivu ndani ya friji unachubuka na kugusa bodi ya chuma. Hakuna shoti, hakuna breka inayokata, friji inaendelea. Lakini kuanzia dakika hiyo laivu ndiyo iliyoshikana na ardhi, na nyutro ndiyo yenye volti 230. Mtu anabadilisha balbu, swichi imezimwa, anagusa upande wa nyutro akiwa na imani yake. Mkondo unatoka kwenye nyutro, unapita mwilini, unaingia ardhini, unafuata waya wa ethi hadi friji, unaingia kwenye laivu palipochubuka na kurudi kwenye inveta. Umepita kwenye breka ya mvujo kwenda kwa nyutro na kurudi kwa laivu, kiasi kilekile. Breka haioni pengo lolote. Inatulia.

Kuna mbaya zaidi. Ukibonyeza kile kitufe cha kupima kilichoandikwa T, breka hiyohiyo itakata vizuri. Kitufe hakitumii ardhi hata kidogo. Ndani kuna rizista inayochepusha mkondo mdogo kutoka laivu ya upande mmoja wa breka kwenda nyutro ya upande wa pili, ili kutengeneza pengo la bandia. Kinathibitisha kwamba makanika ya breka ni mazima, basi. Hakisemi lolote kuhusu kama nyutro ya inveta imeshikana na ardhi. Nimeona kazi zikikabidhiwa kwa kubonyeza T, mteja akishuhudia, mfumo ukiwa unaelea.

Mita ya kawaida hukuambia ukweli kwa dakika moja. Zima gridi, acha bodi ndogo kwenye inveta, kisha pima kwenye soketi. Laivu kwa nyutro utapata 230. Laivu kwa ethi unatakiwa upate 230 pia, na nyutro kwa ethi karibu na sifuri, volti moja au mbili. Ukipata takribani 115 kwa laivu na ethi, na 115 kwa nyutro na ethi, mfumo unaelea. Nusu kwa nusu hiyo hutokana na kapasita ndogo za kuchuja kelele zilizomo kwenye vifaa vya elektroniki, ambazo zinagawa volti katikati. Ndizo pia zinazomfanya mtu ahisi mwasho akigusa kompyuta yenye bodi ya chuma, na watu wakasema "inveta ina umeme mchafu".

Kuziba pengo hili kuna njia mbili zinazofahamika. Inveta nyingi zenye chaja ndani zina relei ya ethi: relei ya gridi inapofunguka, relei ya ethi inashikanisha nyutro ya kutokea na ardhi, gridi ikirudi, inaachia. Kama yako inayo, kitabu chake kitasema, na wakati mwingine ni mpangilio wa kuwashwa kwenye menyu. Njia ya pili ni ya inveta isiyo na chaja ndani, iliyo na chenjiova ya nje inayohamisha laivu na nyutro. Hapo nyutro ya inveta inashikanishwa na ethi moja kwa moja kwenye tokeo la inveta, kabla ya chenjiova na kabla ya breka ya mvujo, na inakaa hivyo siku zote. Gridi ikiwepo, nyutro ile haiguswi na nyumba, kwa hiyo haigombani na muunganiko wa gridi.

Ukiichanganya, yaani ukaweka muunganiko wa kudumu kwenye inveta ambayo nyutro yake ya kuingilia na ya kutokea ni waya uleule, utakuwa na miunganiko miwili gridi ikiwepo. Mkondo wa nyutro unagawanyika, sehemu inapita kwenye waya wa ethi, na breka yoyote ya mvujo iliyoko juu itakata bila sababu inayoonekana. Na kabla ya yote soma kitabu. Zipo inveta za bei nafuu ambazo tokeo lake halijatenganishwa na betri, waya zote mbili zinapanda na kushuka dhidi ya betri. Ukishikanisha moja na ardhi, betri nayo ikiwa imegusa ardhi, unaipiga shoti kupitia betri na inveta inakufa palepale. Inveta ya namna hiyo haifai kulisha sakiti za nyumba, hata kama wati zake zinatosha.

Muunganiko huo unahitaji ardhi ya kwenu. Fimbo ya ethi ya nyumba iwepo na ipimwe, kwa sababu mkitegemea tu ethi iliyoletwa na waya wa gridi, siku waya huo ukikatika pamoja na umeme mtabaki na muunganiko usioelekea popote. IEC 60364 inalisema hili wazi kwa chanzo kinachochukua nafasi ya gridi: kinga isitegemee ethi ya mtandao wa umma.

Shoti isiyo na nguvu

Pengo la mwisho halizibiki, linajulikana tu na kupangiwa. Breka ya B16 hukata papo hapo inapopita mkondo wa mara tatu hadi tano ya ukubwa wake, yaani ampia 48 hadi 80. Ya C16 inataka ampia 80 hadi 160. Gridi ikipata shoti hutoa mamia ya ampia bila kujiuliza. Inveta yetu ya ampia 13 hutoa labda mara mbili yake, ampia 26, kwa sekunde chache, kisha inajilinda kwa kuzima. Ampia 26 kwa B16 ni joto tu, la kukata baada ya dakika kadhaa. Breka haitakata, inveta ndiyo itakayozima, na nyumba nzima itakuwa giza bila breka yoyote kushuka. Kutafuta sakiti yenye kosa inakuwa kazi ya kuzima moja moja.

Kwa hiyo kwenye bodi ndogo nachagua breka ndogo za aina ya B. Taa za wati 72 hazihitaji hata ampia moja. B6 inatosha, nayo hukata papo hapo kati ya ampia 18 na 30, kiwango ambacho inveta ina nafasi ya kukifikia. Friji na soketi B10. Hizo za B10 zinataka 30 hadi 50, kwa hiyo kwenye inveta sizihesabu kuwa kinga ya shoti. Kinga dhidi ya mshtuko naiweka yote kwenye breka ya mvujo ya miliampia 30, baada ya chenjiova, ili ilinde kwa vyanzo vyote viwili. Yenyewe haihitaji shoti kubwa. Inahitaji tu ule muunganiko wa nyutro na ardhi, na ndiyo maana nimeung'ang'ania hivyo.

Kuhusu muda wa kuhama nitasema kwa kifupi. Mzunguko mmoja wa wimbi la hezi 50 ni milisekunde 20. Inveta yenye relei ndani huhama kwa milisekunde 10 hadi 20, na kompyuta nyingi huvumilia hapo. Kontakta mbili za nje huchukua zaidi, na chenjiova ya mota huchukua sekunde nzima au zaidi. Kompyuta ya mezani itazima. Pengo hilo ni sehemu ya usalama, kwani ncha za zamani zinatakiwa zifunguke na cheche izimike kabla mpya hazijafunga.

Kinachosahauliwa zaidi ni gridi isiyokatika bali inayodhoofika. Kontakta huhitaji takribani asilimia 85 ya volti zake ili ivute, lakini ikishavuta inaweza kuendelea kushikilia volti zikiwa zimeshuka mno, wakati mwingine chini ya nusu. Gridi ikishuka hadi 150, kontakta inaweza kuunguruma, ncha zinagusana na kuachana, na huko ndiko kuganda kunakoanzia. Friji nayo inasukuma bila kuzunguka. Dawa ni relei inayopima volti na kutoa amri yenyewe: ihame ikishuka chini ya kiwango fulani, irudi ikipanda juu ya kiwango cha juu zaidi, na isubiri dakika chache kabla ya kurudi, kwa ajili ya friji na kwa ajili ya gridi inayorudi kwa kusitasita. Kwenye inveta nyingi zenye chaja mpangilio huu unaonekana kwenye skrini kama `APL` na `UPS`. Wa kwanza huvumilia gridi hadi karibu volti 90, wa pili huhama mapema, kwenye 170 hivi. Kwa friji mimi nachagua wa pili. Na kama chaja ya betri ni kifaa cha pembeni, ichomekwe bodi kuu. Ikiwekwa kwenye soketi ya lazima, inveta itakuwa inachaji betri yake yenyewe usiku kucha na asubuhi hakuna kitu.

Breka kuu haizimi tena nyumba

Jambo moja humhusu fundi atakayekuja baada yako. Amezoea kuzima breka kuu, kujaribu taa moja, kisha kufungua soketi. Katika nyumba hii, kuzima breka kuu ndiko kunakoiamsha inveta. Chenjiova inaona gridi imeondoka, inahamisha, na bodi ndogo ina volti 230 tena ndani ya kupepesa jicho. Taa aliyoijaribu ikiwa ya bodi kuu, imezima kweli. Soketi anayoifungua ni ya bodi ndogo.

Maandishi ya kudumu yakae kwenye bodi kuu, kwenye bodi ndogo na karibu na mita, yakisema kuna vyanzo viwili na swichi ya kila kimoja iko wapi. Kutengua ni kwa mpangilio: zima tokeo la inveta kwanza, kisha gridi, kisha tenga betri, halafu pima mahali penyewe unapotaka kufanyia kazi, laivu kwa nyutro, laivu kwa ethi, nyutro kwa ethi.

Kabla ya kukabidhi, pima pia upande wa pili. Breka kuu ikiwa imezimwa na nyumba ikiwa kwenye inveta, weka mita kwenye ncha za gridi za chenjiova, zile zinazoelekea nje. Panatakiwa pawe sifuri, kwa laivu na kwa nyutro. Mita ya kidijitali inaweza kuonyesha volti kadhaa za mzuka zinazorushwa na waya jirani, kwa hiyo tumia kipimio chenye mzigo ndani yake, zile za mzuka zitaanguka zenyewe. Zisipoanguka, chenjiova hiyo haijatenganisha, na nyumba isiachwe nayo hata usiku mmoja. Breka ya mvujo nayo ijaribiwe kwa kipimio kinachovujisha mkondo kutoka laivu kwenda ethi, mara moja ukiwa kwenye gridi na mara moja ukiwa kwenye inveta.

Kisha weka swichi ya mkono ya ncha mbili yenye nafasi tatu, gridi, sifuri, inveta, baada ya chenjiova ya otomatiki, ili iweze kuikwepa. Inveta itakwenda kutengenezwa siku moja, na mwenye nyumba atataka friji yake iwake kwenye gridi. Asipokuwa na swichi hiyo, atamtafuta mtu wa kuunganisha waya mbili kwa mkanda, na waya hizo zitakuwa bado zimeunganishwa inveta itakaporudi.